Gunia la Kwanza Linakaa, la Pili Limezidi

Mama mmoja mfanyabiashara wa mpunga mjini Kasongo aliniita nimpigie hesabu ambayo kwake ilikuwa ndogo. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma yenye etaje: chini duka, juu vyumba vya kulala. Watoto wake wamekwisha kuondoka mmoja mmoja, chumba kimoja cha juu kimebaki kitupu, na mavuno yanakaribia. Chini duka limejaa. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sitaki maneno mengi ya kiinjinia. Nipe hesabu tu. Chumba kile kinabeba magunia mangapi?"

Nikamwomba kwanza tupande juu. Chumba kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Sakafu yake ni dale ya zege, beto kama tunavyoita huku, nayo imelala juu ya kuta mbili ndefu, yaani chuma zake kubwa zinavuka ule upana wa mita 3. Mama alikumbuka kwamba mwashi alimimina sentimita 12. Tulithibitisha kwenye tundu la ngazi, ambapo ukingo wa dale unaonekana: ni 12 kweli. Kwa hesabu tuliyotaka kufanya, hayo yalitosha.

Sakafu yoyote ya juu inabeba mizigo ya namna mbili. Wa kwanza ni uzito wa sakafu yenyewe na kila kitu kilichoshikamana nayo: zege, sapu iliyosawazishwa juu yake, vigae kama vipo, lipu ya upande wa chini, ukuta wa kugawa vyumba. Huo haupungui mchana wala usiku, nyumba iwe na watu au iwe imefungwa. Tuuite mzigo wa kudumu. Wa pili ni ule unaoingia na kutoka: watu, vitanda, makabati, bidoni za mawese, magunia. Tuuite mzigo wa matumizi. Injinia aliyesoma kwa Kifaransa huandika wa kwanza kwa herufi G na wa pili kwa herufi Q, kwa hiyo ukiona herufi hizo kwenye karatasi yake usiogope. Wengine husema mzigo mfu na mzigo hai, majina ambayo hunichekesha, maana gunia la mpunga halina uhai wowote. Wanachotaka kusema ni kwamba huu unahama na ule hauhami.

Ukipata shaka kitu fulani kiingie upande gani, jiulize: nikihama nyumba hii kesho, kitu hiki nitakibeba au kitabaki? Kitanda unakibeba. Sapu inabaki. Ukuta wa matofali uliojenga mwaka jana kugawa chumba kikubwa, huo nao unabaki, hata kama sakafu ilipomiminwa haukuwapo.

Mizigo hii haichanganywi tangu mwanzo kwa sababu mmoja tunaujua na mwingine tunaukisia. Uzito wa dale naweza kuupata kwa mita ya kupimia na kalamu. Lakini nani anajua watu wangapi watasimama ndani ya chumba hicho miaka kumi ijayo, siku ya matanga, mvua inanyesha na wote wamekimbilia ndani? Kwa hiyo wa matumizi tunauwekea tahadhari kubwa zaidi. Hesabu inayotumika na mainjinia wetu ni hii:

```
1.35 G + 1.5 Q
```

Yaani mzigo wa kudumu unaongezwa zaidi kidogo ya theluthi, kwa kuwa fundi anaweza kumimina sentimita 13 badala ya 12, na wa matumizi unaongezwa nusu nzima.

Sasa tuanze na G ya chumba cha mama. Tunafanya hesabu kwa mita moja ya mraba, meta kare, kisha tutazidisha kwa chumba kizima. Zege yenye chuma ndani ina uzito wa kilo 2,500 kwa kila mita moja ya ujazo. Sentimita 12 ni 0.12 ya mita, basi 0.12 mara 2,500 ni kilo 300. Sapu ya juu ina sentimita 4, na mchanga na sementi vilivyokauka tunavihesabu kilo 2,000 kwa mita ya ujazo: 0.04 mara 2,000 ni kilo 80. Lipu ya chini ina sentimita moja na nusu, hiyo ni kilo 30. Jumlisha: 300, 80 na 30 ni kilo 410 kwa kila mita ya mraba.

Chumba kina mita za mraba 12. Zidisha 410 mara 12, unapata kilo 4,920. Mama alitazama chini ya miguu yake niliposema namba hiyo. Tani tano kasoro kidogo zilikuwa zinaning'inia juu ya duka lake tangu siku zile nguzo za kushikilia mbao zilipoondolewa, na bado hajaweka hata mkeka.

Q ni rahisi zaidi, maana mtu hahitaji kupima kila kabati. Kanuni za ujenzi zimeweka viwango kulingana na kazi ya chumba. Kwa chumba cha kulala, kanuni za Kifaransa tulizorithi huchukua kilo 150 kwa mita ya mraba, na zile za Ulaya za siku hizi hupendekeza 200. Mimi huchukua 200. Kwa ukumbi ambamo watu wanaweza kubanana wamesimama, viwango hupanda hadi 500, na kwa ghala hufika 750 na kuendelea. Chumba cha mama kilijengwa kwa kulala, kwa hiyo Q yake ni 200, na kwa chumba kizima ni kilo 2,400.

Tukiweka tahadhari: 1.35 mara 410 ni kama 554, na 1.5 mara 200 ni 300. Jumla yake ni kilo 854 kwa mita ya mraba. Hiyo ndiyo namba ambayo dale ya chumba cha kulala, ikipangwa sawasawa, huwekewa chuma ili iihimili.

Basi twende kwenye magunia. Mama alilaza gunia moja la mpunga sakafuni nikalipima: urefu mita moja, upana sentimita 60, unene sentimita 20. Kwenye mizani yake ya dukani lilionyesha kilo 70. Gunia hilo linafunika 0.6 ya mita ya mraba. Gawa 70 kwa 0.6, unapata kilo 117 kwa mita ya mraba. Ukilaza magunia chumba kizima, safu moja tu, bado uko chini ya 200. Ukipandisha safu ya pili inakuwa 233, na hapo umekwisha kupita.

"Safu moja?" akauliza mama. "Si nitakuwa natembea juu ya mpunga wangu?"

Ndiyo maana namba hii huwashangaza watu wote. Chumba cha mita 12 za mraba kinaonekana kikubwa mno, na gunia linaonekana dogo mno. Macho yanapima nafasi, hayapimi uzito. Mpunga wenyewe si mzito sana, mita moja ya ujazo ni kilo 550 hadi 600 hivi. Lakini kila unapopandisha rundo, kile kipande cha sakafu hakiongezeki, kinachoongezeka ni kilo zinazokilemea. Mchele uliokobolewa ni mbaya zaidi, unakaribia kilo 800 kwa mita ya ujazo. Sementi ya mifuko, ambayo wafanyabiashara wengine hupenda kuiweka juu isipate unyevu, inapita 1,400: mifuko kumi ya kilo 50 iliyopandana inaweka kama tani mbili kwa mita ya mraba. Kwa hiyo ukitaka kukadiria haraka, chukua uzito wa mita moja ya ujazo wa bidhaa yako, uzidishe kwa kimo cha rundo kwa mita. Huhitaji zaidi ya hapo.

Mama alikuwa amepanga kupandisha magunia manane, rundo la mita 1.6 hivi, na kuacha njia ya kupita. Marundo 15, magunia 120. Nane mara 70 ni 560, gawa kwa 0.6, ni kilo 933 kwa mita ya mraba mahali rundo liliposimama. Tukiongeza mzigo wa kudumu wa 410 bila tahadhari yoyote, tunapata 1,343. Linganisha na ile 854 ambayo ndani yake tahadhari imekwisha kuingizwa. Magunia yale yangekula tahadhari yote na kuendelea kudai.

Hapo mtu huuliza: mbona kwa fulani wanapakia hivyo na haijaanguka? Ni kweli, mara nyingi haianguki siku hiyo. Injinia huweka akiba nyingine katika vifaa: zege huihesabu kama ina nguvu pungufu ya ile aliyoiagiza, na chuma vivyo hivyo. Akiba hiyo ndiyo inayombeba mwenye magunia bila yeye kujua. Lakini akiba ile iliwekwa kwa ajili ya mchanga wenye udongo, kokoto chafu, maji mengi kwenye mchanganyiko ili koleo lisichoke, na chuma kilichokanyagwa wakati wa kumimina mpaka kikashuka au kikapanda mahali pasipo pake. Sementi inayofika Kasongo imesafiri mbali na bei yake imesafiri nayo, na kila mtu aliyejenga huku anajua mkono wa fundi unavyokuwa mwepesi kwenye mfuko. Mara nyingi akiba hiyo ilitumika siku ile ile dale ilipomiminwa. Magunia yanapofika, hakuna kilichobaki.

Kisa kinachotajwa sana katika fani yetu ni cha Rana Plaza, jengo la Savar nchini Bangladesh lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Makosa yalikuwa mengi, pamoja na sakafu zilizoongezwa juu kinyume cha sheria, lakini mojawapo linatuhusu moja kwa moja: jengo lililokusudiwa maduka na ofisi lilitiwa viwanda vya nguo, na jenereta kubwa zikawekwa juu. G ya sakafu za mwanzo haikubadilika kwa hilo. Kilichobadilika ni Q, na chuma kilichokuwa ndani ya zege hakikuambiwa. Nyufa zilionekana siku moja kabla.

Si kila sakafu inagawa mizigo hii kwa uwiano mmoja, na ni vizuri kujua yako iko upande gani. Nyumba za zamani za mawe kule Unguja, kama ile ya Tippu Tip ambaye jina lake halijasahauliwa Kasongo, zina sakafu za boriti za mikoko zilizofunikwa mawe na chokaa kwa unene mkubwa. Sentimita 30 za tabaka kama hilo ni zaidi ya kilo 500 kwa mita ya mraba. Ndiyo sababu moja vyumba vyake ni virefu na vyembamba: boriti inavuka mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Humo watu wakiongezeka wawili watatu sakafu haina habari. Hatari ni fundi anayeongeza tabaka jipya la chokaa juu ya la zamani kila panapovuja, kwa sababu anaongeza kile kisichoondoka.

Sakafu ya mbao ni kinyume chake. Mbao ngumu yenye unene wa sentimita 3 juu ya mihimili ya sentimita 7 kwa 15, iliyopangwa kila nusu mita, inafika kama kilo 40 tu kwa mita ya mraba. Mzigo wa kudumu ni karibu hakuna, kila kitu ni matumizi. Mhimili mmoja unaovuka mita 3 unashika upande wake nusu mita, yaani mita za mraba 1.5. Kwa 40 na 200 pamoja, ni kilo 360 juu yake. Magunia sita ya kilo 70 yaliyopangwa juu ya mhimili mmoja yamepita hapo, bila mtu wala kitanda. Mwenye sakafu ya mbao asidanganywe na wepesi wake. Mbao zitampa onyo kwa kulia na kupinda, jambo ambalo zege hufanya kwa kuchelewa.

Kurudi kwa mama, nilimwonyesha jambo jingine ambalo hakuniuliza. Alikuwa na wazo la kukata chumba kwa ukuta wa matofali, upande mmoja magunia, upande mwingine kijana wake alale. Ukuta wa tofali moja jembamba, sentimita 11, pamoja na lipu pande mbili, una kilo 258 hivi kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Ukipanda mita 2.8 ni kilo 720 kwa kila mita ya urefu, na ukivuka chumba kwa mita 3 ni zaidi ya kilo 2,100. Karibu ruhusa yote ya matumizi ya chumba kizima imekwenda kwenye ukuta, tena imekaa kwenye mstari mmoja. Ukuta wa namna hiyo lazima mwashi aambiwe kabla ya kumimina, ili aweke mhimili chini yake. Baada ya hapo gawa kwa mbao nyepesi au pazia.

Mahali unapoweka kitu kizito pia kuna maana yake. Kabati la kilo 200 likikaa katikati ya ile mita 3, linaipinda dale kwa nguvu fulani. Likisogezwa mpaka nusu mita kutoka ukuta unaobeba, nguvu ya kuipinda inashuka karibu na nusu. Lakini uwe umejua ukuta gani unabeba. Kwa mama ni zile kuta mbili ndefu. Kabati likiegemea katikati ya ukuta mfupi bado liko katikati ya mvuko, hata kama mgongo wake umegusa matofali.

Na usifikirie mzigo huu huanza siku ya kuhamia. Nimeona mara nyingi dale ya wiki moja imepangwa matofali ya kujengea kuta za juu, rundo la kimo cha mtu, tena katikati ili yawe karibu na waashi wote. Zege ya siku saba ina kama theluthi mbili za nguvu itakayokuwa nayo siku ya 28, na rundo la matofali la mita moja linapita tani moja na nusu kwa mita ya mraba. Nyufa zinazozaliwa hapo hufichwa na lipu, na miaka mitano baadaye mwenye nyumba anaapa kwamba hajawahi kupakia kitu.

Kama sakafu yako imekwisha kubeba kuliko inavyostahili, itazame kwa chini. Nyufa za katikati ya mvuko, zinazokwenda sambamba na kuta zinazobeba, ndizo za dale kupinda. Nyufa ndogo za utando kwenye lipu, zinazozunguka bila mpango, mara nyingi ni za lipu tu. Kwa juu, maji ya kudeki yanayokimbilia katikati na kusimama hapo yanasema jambo. Mlango wa chini ulioanza kukwama juu, bila mvua wala mbao kuvimba, unasema jambo hilo hilo. Kisha vuta uzi wa mwashi chini ya dari kutoka ukuta hadi ukuta, upime katikati dari imeshuka kiasi gani chini ya uzi huo. Kwa mvuko wa mita 3, ukifika milimita 10 au 12, mwite injinia. Dale nyingine zilizaliwa zimepinda kwa sababu ya mbao za kumiminia, kwa hiyo andika namba na tarehe ukutani kwa penseli, urudie kila mwezi. Namba isiyoongezeka inatia moyo kuliko ndogo inayokua. Ikiwa inakua, ondoa mzigo kwanza, safu ya juu kabisa ikianza, ndipo usimamishe nguzo za dharura. Tena nguzo isimame juu ya ubao mpana chini, si juu ya udongo mtupu ambao utazama nayo.

Mama alisikiliza yote, akanitazama kama mtu aliyeagiza samaki akaletewa mifupa. "Basi nyumba yangu ni mbovu."

Nikamwambia hapana, nyumba ni nzuri, tumekosea tu nani alale wapi. Udongo wa chini ya duka unabeba mpunga wote wa kata nzima bila hesabu yangu, mradi magunia yakae juu ya mbao yasivute unyevu. Siku mbili baadaye rafu za vitenge, masufuria na sabuni zilipandishwa juu, safu nyembamba kuzunguka zile kuta mbili ndefu, na duka la chini likagawanywa ili nusu yake iwe dipo. Chumba cha juu kilibaki na magunia 12 tu, safu moja, yale ya mbegu ambayo hataki panya wa chini wayafikie. Uzi niliouvuta siku ile ulionyesha milimita 4. Nimemwachia penseli.